Mdomo wa Bosi

Fundi alikuwa hodari wa kuongea na pini mdomoni. "Mm" moja fupi maana yake simama wima. "Mm-mm" maana yake acha kubana tumbo, nguo hii utaivaa ukiwa umeshiba. Wateja wa zamani walimwelewa bila shida. Wateja wapya walitafsiriwa na mwenzake wa kibandani, mdarizi ambaye wote walimwita Shoga kwa sababu yeye mwenyewe alimwita kila mtu shoga, hata wanaume waliokuja kupunguza suruali.

Nusu ya kazi ya Fundi ilipitia kinywani. Ncha ya uzi aliilowesha kwa ulimi kabla ya kuitia kwenye tundu la sindano. Pini alizibana kwa midomo, vichwa nje, ili mikono yote miwili ibaki kwenye kitambaa. Akiletewa vifungo vya ganda la chaza, alichukua kimoja, akakigusa kwa meno ya mbele. Cha ganda halisi ni baridi na kinakwaruza kidogo. Cha plastiki kinateleza, na hapo muuzaji alirudishiwa mfuko wake.

Huko kibandani hakuna aliyemshinda. Aliyemshinda alikuwa nyumbani, chumba cha pili, naye ni wifi yake.

Mume wa Fundi alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuja na kuondoka. Dada yake, huyo Wifi, alikuwa akiishi nao na kuuza sabuni na viberiti pale pale mlangoni. Likizo ya uzazi ya fundi wa kujitegemea ni fupi kuliko upindo wa shati, kwa hiyo mtoto alipoanza kukaa vizuri bila kuegemea kitu, mama alirudi kwenye cherehani na mtoto akabaki kwa shangazi yake. Mtoto walimwita Bosi, kwa kuwa hakufanya kazi yoyote na kila mtu alimtumikia.

Kila jioni Fundi alikung'uta nguo zake nje kabla ya kuingia, kwa hofu ya pini. Kisha akaingia, na kila jioni akakuta jambo lile lile. Wifi ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, na Bosi amesimama juu ya mapaja yake, amemkamata masikio mawili kama mishikio ya sufuria, na pua ya Wifi yote iko ndani ya mdomo wake.

"Karibu, wifi," Wifi alisema kwa sauti ya mafua. "Usinichekeshe. Naliwa."

Bosi akaachia pua, akaitazama, akaigusa kwa kiganja, kisha akaitia mdomoni tena kutokea upande. Akaja kwenye kidevu. Akaja kwenye shavu. Wifi akajifuta mate kwa pembe ya kitambaa chake, akacheka kama mtu aliyepewa zawadi mbele za watu.

"Njoo kwa mama," Fundi alisema.

Mtoto alikuja, tena kwa furaha, mikono juu. Lakini uso wa mama hakuutia mdomoni. Aliutazama, akaupapasa kidogo, kisha akaenda kwenye utepe wa kupimia ulioning'inia shingoni.

"Toa! Kichafu hicho." Akashika kola ya gauni. "Toa, kuna kishikizo." Akashika funguo. "Toa."

Mkono wa Fundi ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Alijua kinachoanguka kwenye sakafu ya kibanda: pini, kulabu, vifungo vidogo kama dengu. Kila kitu kilichokaribia mdomo wa mwanawe alikiona ni pini mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa Wifi, mtoto alikuwa na mwiko wa mbao, kikombe cha plastiki na fundo la kitambaa kilichofuliwa, na alivila vyote kwa zamu kutwa nzima.

Usiku, mtoto akiwa amelala, Fundi alimnusa kichwa. Kilinukia mafuta ya Wifi.

"Kwangu hanili," alimwambia Shoga kesho yake, pini zikiwa bado zimechomwa kwenye kimto chake. "Pua ya wifi anaila, kidevu anakila. Mimi niliyemzaa ananitazama kama mteja anayesubiri chenji."

"Shoga, watu wanaomba mtoto asiwale, wewe unalia hujaliwa?" Shoga alikata uzi. "Huo ni wivu. Tena wa pua."

"Si wivu. Nauliza tu."

"Umeuliza huku umeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia."

Fundi akatazama. Ilikuwa kweli. Akaanza kufumua.

Siku ya kliniki walikwenda wote watatu, kwa sababu Wifi alisema ana swali lake. Wakati wa kupimwa uzito Bosi alivuta kamba ya mizani akaitia mdomoni. Alipowekwa chini akachukua pembe ya kadi yake akaila. Nesi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na Bosi akaufuata uzi huo kwa mdomo wazi.

"Nesi," Wifi alisema, "huyu kila kitu mdomoni. Ni njaa, ni meno, au ni minyoo?"

"Anakula vizuri?"

"Anakula kama mkandarasi."

"Basi si njaa. Meno yanachangia, fizi zinawasha, anataka kung'ata. Lakini alianza lini?"

"Kabla ya meno," Wifi alijibu haraka, na Fundi akaumia kwamba jibu lile halikutoka kwake. "Alianza na ngumi zake mwenyewe."

"Umeona? Sasa nipe mkono wako, mama." Nesi alikuwa akimwambia Fundi. "Wewe ukitaka kujua kitambaa ni laini, unafanyaje?"

Fundi akasugua hewa kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Vidole vyako vimejifunza miaka mingi. Vyake havijajifunza. Anaweza kushika, lakini mkono wake bado kama umevaa soksi. Midomo na ulimi ndivyo vilivyotangulia kuwa tayari, tangu siku ya kwanza, ili anyonye. Hapo ndipo anaposikia vizuri zaidi: hiki kigumu, hiki laini, hiki baridi, hiki kina kona, hiki kina chumvi. Mwangalie. Anakitia, anakitoa, anakitazama, anakigeuza, anakitia tena. Anafananisha alichokiona na alichokisikia kwa ulimi. Halafu ulimi wenyewe unapata mazoezi, ya kula na ya kuongea baadaye. Wakati mwingine ananyonya kitu kujituliza tu. Mikono ikishakuwa hodari, ataacha polepole. Hatakwenda shule na mwiko mdomoni."

"Kwa hiyo nimwachie tu ale dunia?" Fundi aliuliza.

"Hapana. Mpe vya kutia mdomoni. Vikubwa, vigumu kuvunjika, vinavyooshwa. Kuna kile kibomba cha karatasi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha? Kitu kinachopita ndani ya kibomba kile, asikione hata kwa macho. Kitamkaba."

"Mimi namtoa kila kitu mdomoni," Fundi alisema. Alidhani atasifiwa.

Nesi akamtazama juu ya miwani. "Vidogo mtoe. Ukimtoa na vikubwa, mama, kwako hana cha kujua."

Wifi akacheka. Hakuwa na ubaya, alicheka kama anavyocheka siku zote, akimrusharusha Bosi. "Basi kwangu anasoma maktaba nzima!"

Nesi naye akacheka. Fundi peke yake hakucheka. Njia nzima ya kurudi alibeba mfuko wa nepi na Wifi akambeba mtoto, na mtoto akawa anakula sikio la Wifi.

Siku iliyofuata, kazi za wateja zikasubiri. Fundi alifungua gunia la vipande akachagua kama anayeshona vazi la harusi. Alichukua jinzi ngumu, satini inayoteleza, kitambaa cha mifereji, kipande cha taulo jipya. Akavifua, akavianika, akavishona mfululizo vikawa nyoka mnene mwenye urefu wa mkono, akamjaza vipande laini tumboni. Kila pingili na mguso wake. Aliona fahari hata kabla ya kumaliza. Mwiko wa mbao una mguso mmoja tu.

"Nyoka wako kipofu," Shoga alisema.

Fundi akatafuta kwenye bati la vifungo, akapata viwili vya koti, vyeusi, vipana. Akavigusa kwa jino. Vizuri. Akavishona kuwa macho, akazungusha uzi chini ya kila kimoja kutengeneza shingo ndogo, kama anavyofanya kwenye makoti ya wakubwa.

Alikumbuka maneno ya nesi. Alileta kibomba cha karatasi kutoka nyumbani, akajaribu kuingiza kichwa cha nyoka. Hakikuingia. Akajaribu mkia. Haukuingia. Akaridhika. Kujaribu kifungo peke yake hakukumjia akilini, maana kwake kifungo kilichokwisha kushonwa si kifungo tena, ni sehemu ya nguo. Hakuna kifungo chake kilichowahi kurudi kibandani mkononi mwa mteja.

Bosi alimpokea nyoka kwa mdomo wazi. Alianza na taulo, akakunja uso, akahamia kwenye satini, akatoa, akatazama, akageuza, akarudia. Alipofika kwenye macho alitulia kabisa. Alikizungusha kifungo kwenye fizi na vile vijino vyake viwili vya chini, macho yameelekea dari, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Amempenda!" Wifi alisema.

"Ndiyo. Kwa hiyo vile vingine tuviweke." Fundi alikuwa tayari ameshika mwiko na kikombe. Akavipandisha juu ya kabati. "Asipewe kingine. Huyu ana kila mguso anaouhitaji."

"Hata mwiko?"

"Hata mwiko."

Wifi alitazama kabati, kisha akamtazama wifi yake. "Haya. Mtoto wako."

Siku chache zilizofuata zilikuwa tamu kwa Fundi. Alipokuwa kibandani aliwaza mdomo wa mwanawe uko kwenye mishono yake, na si kwenye pua ya mtu. Jioni alimkuta nyoka amelowa tepetepe, akamfua, akamwanika, asubuhi akamrudisha. Pua ya Wifi ilikuwa bado inaliwa, lakini alijifariji kwamba hiyo ni kwa mazoea tu.

Kisha jioni moja Wifi alimfuata kambani, kwenye nguo zilizoanikwa.

"Wifi, jicho moja la nyoka linacheza."

"Linacheza vipi?"

"Ukilivuta linakuja kidogo. Hebu liangalie."

Fundi hakuliangalia. "Kifungo nilichoshona mimi? Koti litaoza, kifungo kitabaki kinaning'inia hewani."

"Mimi si fundi. Nasema nilichoona."

"Umeona anampenda nyoka kuliko mwiko wako, hicho ndicho ulichoona. Kijicho tu, wifi. Mtoto nimemzaa mimi."

Wifi aliinama. Akachukua kibanio kimoja cha nguo kilichoanguka, akakirudisha kwenye kamba, akaingia ndani. Tangu hapo nyumba ikawa ya "shikamoo" na "marahaba" tu, kama ya wageni, na nyoka akawa anafuliwa na Wifi kabla Fundi hajarudi.

"Mwisho wa wiki namchukua," Fundi alimwambia Shoga. "Nitakuwa nakuja naye hapa."

Shoga alitazama sakafu, iliyokuwa inang'aa pini hapa na pale. "Hapa? Utamtundika kwenye hanga?"

"Nitafagia."

"Unafagia kila siku, na kila siku nachomwa. Shoga, huyo mwanamke amekukosea nini?"

Fundi akazitia pini mdomoni. "Mm-mm," akasema, na mazungumzo yakaisha.

Siku ya mapumziko Wifi alikwenda kununua bidhaa za biashara yake. Fundi alibaki na mtoto kwenye mkeka, mchana, mlango wazi, mwanga umeingia mpaka ukutani. Alikuwa ameshatenga nguo za Bosi za kwenda nazo kibandani kesho yake. Bosi alikuwa na nyoka wake, akila jicho.

Ghafla mtoto akaacha. Akalitoa lile jicho mdomoni, akalitazama linavyometa mate, kisha akamtazama mama yake. Akasogea kwa magoti, akamshika bega, akanyanyuka, akampelekea nyoka usoni. Jicho kwanza. Akalisukuma kwenye midomo ya mama.

Fundi hakuwa na pini. Hata hivyo alikuwa ameanza kugeuza uso, maana miaka yote mkono wa mtu ukiukaribia mdomo wake yeye hugeuka, asije akamchoma. Aligeuka nusu, akasita, akarudi. Akafungua mdomo.

"Ah!" alisema Bosi, na kumlisha.

Kifungo kilikuwa cha uvuguvugu na kimelowa. Fundi alikipokea akicheka kwa pua, machozi karibu. Kisha ulimi wake, bila kuulizwa, ukafanya kazi yake ya kila siku. Ukaenda ukingoni, ukaenda chini ya kifungo kutafuta shingo ya uzi. Hakukuwa na shingo. Kifungo kilikuwa kimelala bapa juu ya kitambaa, na katikati ya matundu kulikuwa na fundo, nene, gumu, kama punje ya mchele.

Hakuwahi kufunga fundo upande wa juu maishani mwake.

Akakitoa, akakitazama mwangani. Jicho la kushoto lilikuwa na uzi wake mweusi. La kulia lilikuwa na uzi wa bluu, umepitishwa huku na huku kama nyayo za kuku. Kilichompanda kwanza ni hasira. Amekata changu akashona chake! Hata nyoka amemwingilia! Akilini alimwona Wifi akiwa na mkasi, akifumua makusudi ili nyoka naye awe na mkono wake.

Bosi akalichukua jicho la bluu akalirudisha mdomoni, akavuta. Likashika.

Fundi akalivuta jicho la kushoto, lile lake. Likaja. Uzi ulikuwa umechoka, umechakaa kwa kulowa na kukauka kila siku, umelika na vijino viwili, umebaki nyuzi chache za kuhesabika. Hakuna mwenye koti anayelitafuna koti lake kutwa. Hilo hakuwa amelifikiria.

Ndipo akaelewa jambo la pili. Mtu hashoni kifungo ambacho hakijatoka. Na nyoka huyu, saa zote za mchana, alikuwa mahali pamoja tu: mdomoni mwa Bosi.

Akachukua mkasi, akakata macho yote mawili. Akakitia kimoja kwenye kibomba cha karatasi kilichokuwa dirishani tangu alipokirudisha. Kilipita bila kugusa ukuta, kikaangukia kiganjani mwake.

Wifi aliporudi alimkuta ameketi hivyo hivyo, kifungo mkononi. Akaweka katoni ya sabuni chini polepole.

"Kilitoka lini?" Fundi aliuliza.

"Kilitoka."

"Mdomoni?"

Wifi akaketi ukingoni mwa mkeka. "Alikuwa anakila, nikaona nyoka ana chongo. Nikamtazama mdomoni. Kilikuwa mbele, juu ya ulimi, anakigeuzageuza tu. Kingekuwa nyuma nisingekifuata kwa kidole, ningekisukuma ndani. Nikamwinamisha, nikakiokota mbele kabisa ya mdomo. Wala hakulia. Mimi ndiye niliyelia."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia kabla hakijatoka." Wifi hakupandisha sauti. "Nikaambiwa nina kijicho. Sasa kimetoka, ningesema nini? Ungesema nimekikata. Na hungenikubalia kumnyima huyo nyoka. Nikachukua uzi wa kufungia mifuko, nikashona. Kila akilala nakivuta kujaribu. Hili la pili nilikuwa nalivizia, lianze tu kucheza nilishone nalo."

Fundi alikitazama kifungo. Ulimi wake ulitaka kusema mambo mengi, ukasema la kifundi. "Umeshona vibaya sana."

"Najua."

"Ndicho kilichoshika."

Bosi, aliyekuwa amenyang'anywa macho ya nyoka, alitambaa mpaka kwa Wifi akapanda mapajani.

"Na mimi nilikuwa na kijicho, usidhani," Wifi alisema akimtazama mtoto. "Ukifika jioni, ananyoosha mikono yote miwili. Mimi nikitoka chumbani nikarudi, ananitazama tu, kama nilikuwa nimeenda chooni."

Fundi akasimama, akaenda kwenye kabati, akateremsha mwiko na kikombe. Akavisuuza vumbi kwenye beseni, akampa Wifi, si mtoto. "Nisamehe, wifi," alisema, kwa haraka, kama anayetoa pini mdomoni zote kwa mpigo. Nguo za Bosi zilizokuwa zimetengwa akazirudisha mahali pake.

Kesho yake Shoga alimdarizia nyoka macho mapya ya uzi mtupu, bapa, hayana cha kung'oka. Alimpa na kope. "Huyu sasa si nyoka," alisema, "huyu ni mimi."

Jioni Fundi alikung'uta nguo nje, akaingia. Bosi alikuwa amesimama mapajani kwa Wifi, masikio ameyakamata, na pua yote imo mdomoni. Wivu ukamchoma Fundi pale pale pa siku zote. Haukuwa umekwenda popote. Lakini alivua utepe wa kupimia, akauweka mbali, akapiga magoti kwenye mkeka, akasubiri zamu yake.

Bosi alimwona, akanyoosha mikono. Alipofika akampapasa uso, akasita kidogo, kama anayengoja ule mkono mwepesi na ile "toa." Haikuja. Uso haukugeuka. Akainama akaanza na kidevu. Akakiacha, akakitazama, akakirudia kutokea upande, kisha akapanda na shavu, vijino viwili vikikwaruza.

"Wifi," Wifi alisema, akinyoosha pembe ya kitambaa chake, "umelowa shavu lote. Jifute."

"Acha," Fundi alisema. "Litakauka lenyewe."